Kupanda kwa Halijoto ya Koili za Mota ya Umeme: Kielelezo cha Saketi ya Joto na Kikomo cha Kupima Bodi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kupanda kwa halijoto ya koili za stata kwa kutumia saketi ya joto yenye vifundo viwili, yaani koili na bodi, na njia mbili za ukinzani: ile inayotoka koili kupitia kihami hadi kwenye bodi, na ile inayotoka bodi hadi kwenye hewa. Mfano uliotumika ni mota ya induksheni ya kilowati 4, aina iliyofungwa na kupozwa kwa feni ya nje. Hesabu inaonyesha kwamba kasoro mbili tofauti, yaani mapezi yaliyoziba kwa vumbi na vanishi isiyopenya vizuri wakati wa kusuka upya, zinaweza kupandisha halijoto ya koili kwa kiasi kilekile, ilhali halijoto ya bodi inatofautiana kwa takriban nyuzi 20. Kwa hiyo upimaji wa bodi pekee hugundua kasoro ya kwanza na kuificha ya pili. Makala yanapendekeza utaratibu wa kupima ukinzani umeme wa koili pamoja na halijoto ya bodi, na yanaeleza mipaka ya utaratibu huo.

1.0 Utangulizi

Katika karakana za kusuka mota, jaribio la mwisho kabla ya kumkabidhi mteja mota yake mara nyingi huwa ni kuiwasha, kupima mkondo kwa ameta ya kubana, kisha kuweka kiganja juu ya bodi. Mkondo ukiwa sawa katika fezi zote tatu na bodi ikivumilika mkononi, mota huhesabiwa kuwa nzima. Baada ya miezi michache mota hiyohiyo hurudi ikiwa imeungua. Mteja hulaumu fundi, na fundi hulaumu umeme au mzigo. Mara nyingi hakuna kati yao mwenye kipimo cha kuthibitisha dai lake.

Hoja ya makala haya ni kwamba kiganja na kipimajoto cha infraredi hupima kitu kimoja tu, nacho ni ugumu wa joto kutoka kwenye bodi kwenda hewani. Havielezi lolote kuhusu ugumu wa joto kutoka kwenye shaba kufika kwenye bodi. Hoja hii haihitaji kielelezo changamani. Saketi yenye vifundo viwili inatosha, ilimradi maana ya kila ukinzani ieleweke.

2.0 Saketi ya joto na maana ya sehemu zake

Mlinganisho wa joto na umeme ni wa moja kwa moja. Nguvu ya joto inayopita, kwa wati, huchukua nafasi ya mkondo. Tofauti ya halijoto huchukua nafasi ya volteji. Ukinzani joto ni tofauti ya halijoto inayohitajika ili wati moja ipite, na kipimo chake ni kelvini kwa wati (K/W). Uwezo wa chuma au shaba kuhifadhi joto huchukua nafasi ya kapasita.

Katika mota ya induksheni, nishati hupotea mahali pengi: katika shaba ya stata, katika chuma cha stata, katika rota, na katika msuguano wa beringi na feni. Kwa kielelezo hiki upotevu wa shaba ya stata, P1, unaingia kwenye kifundo cha koili. Upotevu mwingine wote, P2, unaingia kwenye kifundo cha bodi. R1 ni ukinzani joto kutoka koili hadi bodi, na R2 ni ukinzani joto kutoka bodi hadi hewa. Halijoto za koili, bodi na hewa ni Tk, Tb na Th. Mota ikishatulia kwenye mzigo usiobadilika:

Tb = Th + R2 (P1 + P2)

Tk = Tb + R1 P1

Mlinganyo wa kwanza ndio kiini cha suala zima. R1 haimo ndani yake. Bodi hupokea joto lote linalozalishwa, liwe limepita katika njia rahisi au ngumu, kwa sababu joto lililozalishwa halina mahali pengine pa kwenda. Njia ikiwa ngumu, koili hupanda halijoto hadi joto lilelile lisukumwe nje, na bodi hubaki karibu ilivyokuwa.

3.0 Mfano wa hesabu

Tuchukue mota ya kilowati 4 yenye nguzo nne, mizunguko 1440 kwa dakika, volti 400, na ufanisi wa asilimia 86.6, kiwango ambacho mota ya daraja la IE2 ya ukubwa huu inapaswa kufikia. Mota ya namna hii yaweza kuzungusha kinu kidogo cha kusaga nafaka. Ili itoe wati 4000 inahitaji wati 4620 hivi, na kwa hiyo wati 620 zinageuka kuwa joto ndani yake. Vipimo vya ndani vinavyofuata vimechaguliwa ili kuwakilisha mota ya ukubwa huu, wala si vya mota moja iliyofunguliwa na kupimwa. Tuseme wati 250 zinapotea katika shaba ya stata na wati 370 mahali pengine. Hewa iwe nyuzi 30 za Selsiasi.

Tukichukua R2 kuwa 0.065 K/W, bodi inapanda nyuzi 40 juu ya hewa na kufikia nyuzi 70. Tukichukua R1 kuwa 0.12 K/W, koili zinakuwa nyuzi 30 juu ya bodi, yaani nyuzi 100. Jumla ya kupanda ni nyuzi 70. Kiwango cha kimataifa IEC 60034-1 kinaruhusu koili za daraja B kupanda kelvini 80 na za daraja F kelvini 105, zikipimwa kwa njia ya ukinzani, katika hewa isiyozidi nyuzi 40. Mota hii basi iko salama.

3.1 R1 imetengenezwa na nini?

Inafaa kuifungua R1, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kizuizi kikubwa ni karatasi ya kuhami inayowekwa ndani ya mfuo wa stata. Tuchukue mifuo 36, kila mmoja wenye urefu wa milimita 140, kina cha milimita 15 na upana wa milimita 7. Joto likitoka kupitia kuta mbili za kila mfuo, eneo lote la kupitishia ni mita za mraba 0.151.

Karatasi yenye unene wa milimita 0.3 na upitishaji joto wa 0.15 W/(m·K) inatoa ukinzani wa 0.013 K/W. Kwa wati 250 hizo ni nyuzi 3 na kidogo. Sasa tuseme kati ya karatasi na chuma umebaki wazi mwembamba wa hewa wa milimita 0.1. Upitishaji joto wa hewa ni takriban 0.027 W/(m·K), na ukinzani wa wazi huo ni 0.0245 K/W, ambao ni nyuzi 6. Hewa yenye unene wa theluthi moja ya karatasi inazuia joto karibu mara mbili ya karatasi yenyewe.

Sehemu ya tatu ni fungu la waya ndani ya mfuo. Shaba hupitisha joto vizuri sana, lakini waya ni za duara, na joto linalovuka fungu lazima liruke kutoka waya hadi waya kupitia enameli na kile kilichojaza nafasi kati yake. Fungu likijazwa vanishi vizuri, tunaweza kulichukulia kama kitu kimoja chenye upitishaji wa 0.2 W/(m·K). Kwa kuwa joto linazalishwa ndani ya fungu lote, wastani wa kupanda kwake unalingana na ukinzani wa w/(12khL) kwa kila mfuo, ambapo w ni upana, h ni kina, L ni urefu na k ni upitishaji. Kwa mifuo 36 jibu ni 0.0386 K/W, yaani karibu nyuzi 10. Sehemu iliyobaki ya R1, kama 0.044 K/W, ni ya meno na mgongo wa stata pamoja na mahali stata inapokutana na bodi.

Kwa hiyo zaidi ya nusu ya R1 iko katika fungu la waya na wazi wa hewa, na vyote viwili vinategemea vanishi. Vanishi haiwekwi kwa ajili ya kuhami umeme na kushikamanisha waya peke yake. Kazi yake nyingine ni kuifukuza hewa.

3.2 Upotevu unaokua pamoja na halijoto

Ukinzani umeme wa shaba hupanda kadiri inavyopata joto, kwa uwiano wa (235 + T). Mkondo usipobadilika, P1 nayo hupanda kwa uwiano huo. Katika mfano wetu wati 250 kwa nyuzi 100 maana yake ni kuongezeka kwa wati 0.75 hivi kwa kila nyuzi moja. Wati hizo nazo huipandisha halijoto, na jumla ya R1 na R2 ni 0.185 K/W. Zao la namba hizi mbili ni 0.14, kwa hiyo kila ongezeko la halijoto linalotokana na sababu nyingine linazidishwa kwa 1/(1 − 0.14), au 1.16. Ukinzani wowote kati ya hizo mbili ukikua, kizidishi hiki nacho hukua. Hesabu za sehemu inayofuata zimekijumuisha.

4.0 Kasoro mbili zenye koili moja ya moto

Kasoro ya kwanza ni ya nje. Unga umeganda kati ya mapezi na kwenye kifuniko cha feni, na R2 imepanda kwa nusu, kutoka 0.065 hadi 0.0975 K/W. R1 haikubadilika. Tukitatua milinganyo pamoja na ukuaji wa upotevu wa shaba, koili zinafikia nyuzi 124 na bodi nyuzi 92.

Kasoro ya pili ni ya ndani. Mota imesukwa upya, na vanishi imepakwa kwa brashi juu ya vichwa vya koili bila kupenya kwenye mifuo. Upitishaji wa fungu la waya umeshuka kutoka 0.2 hadi 0.1 W/(m·K), na wazi wa hewa umekua hadi kufikia milimita 0.27. Mabadiliko haya mawili yanaipandisha R1 kutoka 0.12 hadi 0.20 K/W. R2 ni ileile, kwa kuwa mapezi ni safi na feni ni nzima. Koili zinafikia nyuzi 125 na bodi nyuzi 71.5.

Linganisha hali tatu. Mota nzima ina koili za nyuzi 100 na bodi ya nyuzi 70. Mota yenye mapezi yaliyoziba ina koili za nyuzi 124 na bodi ya nyuzi 92. Mota yenye vanishi mbovu ina koili za nyuzi 125 na bodi ya nyuzi 71.5. Bodi ya mota hii ya tatu imepanda nyuzi moja na nusu tu, na hata hizo zimetokana na wati 19 zilizoongezeka katika shaba. Mabadiliko ya hewa kati ya asubuhi na mchana yanatosha kuzifunika. Mkondo nao haukubadilika, kwa sababu mzigo na volteji ni vilevile.

Uzito wa nyuzi 25 hizo unategemea daraja la kihami. Kupanda kwa kelvini 95 kumevuka kikomo cha daraja B, ingawa kumebaki chini ya kikomo cha daraja F. Aidha, nyuzi 125 ni wastani wa koili zote. Kiwango cha IEC kinaacha nafasi ya kelvini 10 kati ya wastani unaoruhusiwa na halijoto ya juu kabisa ya daraja husika, kwa kutambua kwamba kuna mahali pa moto zaidi. Mota ya zamani yenye vihami vya daraja B, ambavyo kikomo chake ni nyuzi 130, ingekuwa na sehemu zilizokwisha kuvuka kikomo hicho. Kwa kanuni ya makadirio inayotumiwa na wahandisi, ya kwamba umri wa kihami hupungua kwa nusu kwa kila nyuzi 10 hivi za ziada, nyuzi 25 zinaupunguza umri hadi karibu sehemu moja ya sita.

5.0 Muda, na kwa nini mota iliyozimwa hupoteza ushahidi haraka

Hadi hapa mota imechukuliwa kuwa imekwisha kutulia. Vifundo viwili, hata hivyo, havitulii kwa mwendo mmoja. Tuseme koili zina kilo 4 za shaba. Uwezo wake wa kuhifadhi joto ni takriban jouli 1540 kwa kelvini. Tukizidisha kwa R1 ya 0.12 tunapata sekunde 185, yaani dakika 3. Huo ndio muda bainifu wa koili: muda ambao tofauti kati ya koili na bodi hupungua hadi asilimia 37 ya ilivyokuwa mkondo unapokatwa. Chuma cha stata, rota na bodi, tuseme kilo 36, kina uwezo wa jouli 16,500 hivi kwa kelvini, na tukiuzidisha kwa R2 tunapata dakika 18.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, jaribio la dakika kumi halitoshi kwa uamuzi wowote kuhusu halijoto ya mwisho, kwa kuwa bodi haijafika hata nusu ya safari yake. Mzigo uendelee hadi badiliko lisizidi kelvini 1 kwa nusu saa. Pili, baada ya kuzima, koili hupoa haraka kuelekea halijoto ya bodi. Mota nzima yenye tofauti ya nyuzi 30 hupoteza nyuzi 4.5 katika sekunde 30 za kwanza. Atakayefika na kipimo baada ya dakika tano ataikuta sehemu kubwa ya tofauti anayoitafuta imetoweka.

Hali ya rota kukwama inaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Mkondo ukifika mara sita ya kawaida, upotevu wa shaba huwa mara 36, yaani wati 9000. Koili hupanda karibu nyuzi 6 kwa sekunde, na katika sekunde kumi hivi hutoka nyuzi 100 na kuvuka nyuzi 155. Bodi haijapata habari bado. Ndiyo maana kinga dhidi ya hali hii lazima ifuate mkondo, au iwe kihisio kilichofungwa ndani ya koili zenyewe.

6.0 Utaratibu wa kupima R1

Kabla ya jaribio, mota ikae imezimwa hadi iwe na halijoto ya hewa, kisha ukinzani umeme kati ya ncha mbili za laini upimwe kwa kipimo cha waya nne. Kwa mota ya mfano ukinzani huo ni omu 1.91 kwa nyuzi 30. Mota iendeshwe kwa mzigo kamili hadi itulie. Halijoto ya bodi isomwe katikati ya urefu wa stata, chini kati ya mapezi, kwa kihisio cha kugusa. Kipimajoto cha infraredi kikielekezwa kwenye alumini isiyopakwa rangi husoma chini ya hali halisi. Mkondo wa laini usomwe pia. Hapa ni ampea 8.3.

Mota ikizimwa, ukinzani usomwe kati ya ncha zilezile kila baada ya sekunde chache kwa dakika mbili au tatu, usomaji wa kwanza ukifanyika ndani ya sekunde 30, kama kiwango cha IEC kinavyotaka kwa mota zisizozidi kilowati 50. Thamani hizo zichorwe dhidi ya muda, na mstari urudishwe nyuma hadi wakati wa kuzima. Tuseme jibu ni omu 2.59. Kwa shaba:

Tk = (2.59 / 1.91) × (235 + 30) − 235 = nyuzi 124

Upotevu wa shaba, iwe mota imeungwa kwa nyota au kwa delta, ni 1.5 × 2.59 × 8.3², sawa na wati 268. Kama bodi ilisoma nyuzi 71.5, basi R1 ni (124 − 71.5) / 268, yaani 0.196 K/W. Kasoro ya ndani imeonekana bila mota kufunguliwa. Mchoro wa kupoa unatoa ushahidi wa pili: R1 ikiwa 0.20, muda bainifu wa koili ni dakika 5 badala ya 3.

Usahihi wa kipimo ni sharti. Kosa la omu 0.01 hapa ni kosa la nyuzi 1.4, na multimita ya kawaida, ambayo huongeza ukinzani wa waya zake, haiwezi kutegemewa kwa kazi hii.

7.0 Mipaka ya kielelezo

Kielelezo kimeliweka joto la chuma na la rota kwenye bodi moja kwa moja. Kwa kweli joto la chuma, na sehemu ya joto la rota, hupita katika mgongo wa stata na mahali stata inapoguswa na bodi, njia ambayo hapa imehesabiwa ndani ya R1. Kwa hiyo R1 inayopimwa huwa kubwa kidogo kuliko ukinzani halisi wa kihami. Thamani moja iliyosimama peke yake isitumike kuhukumu karakana. Ushahidi wenye nguvu ni kulinganisha mota ileile kabla na baada ya kusukwa, au mota mbili za muundo mmoja kwenye mzigo mmoja.

Njia ya ukinzani hutoa wastani. Vichwa vya koili, ambavyo havigusi chuma, lazima vipeleke joto lake kupitia shaba hadi kwenye mfuo au kupitia hewa ya ndani, na kwa kawaida ndivyo vyenye moto zaidi. Anayehitaji halijoto hiyo aongeze kifundo cha tatu au afunge kihisio hapo wakati wa kusuka. R2 nayo si ya kudumu. Feni iliyofungwa kwenye shafti hupunguza upepo mota inapoendeshwa polepole kwa kibadilisha masafa, na R2 iliyopimwa kwa mizunguko 1440 haitumiki kwa mizunguko 500.

8.0 Hitimisho

Halijoto ya bodi inaamuliwa na jumla ya joto na R2. Halijoto ya koili inaamuliwa na hayo pamoja na R1. Kasoro ya kusuka hukaa ndani ya R1, mahali ambapo kipimo cha bodi hakifiki. Kwa mota ya kilowati 4 iliyochambuliwa, tofauti kati ya koili na bodi ilitoka nyuzi 30 hadi karibu nyuzi 54, huku bodi ikibadilika nyuzi moja na nusu. Karakana yenye kipimo cha ukinzani cha waya nne, kihisio cha kugusa na saa inaweza kuipima tofauti hiyo kabla mota haijarudi kwa mwenyewe. Rekodi ya namba mbili, R1 ya kabla na R1 ya baada ya kusuka, ingetosha kuamua kama kuungua kwa mota kulianzia kwenye vanishi au penginepo.